Silinda, vali ya sevo na mpaka wa geini

Wahandisi wenzangu, mafundi, na nyinyi wanafunzi mliosafiri kutoka mbali hadi hapa Kampala, nawashukuru kwa kufika. Jioni hii nitazungumzia swali moja tu, ambalo kila aliyewahi kurekebisha mashine ya haidroliki amekutana nalo hata kama hakulipa jina: kwa nini silinda inayoongozwa na vali ya sevo, yaani vali inayofunguka kwa kadiri ya kosa kati ya amri na mahali pistoni ilipo, hufuata amri vizuri mpaka geini fulani, yaani ukali wa sahihisho kwa kila kosa, kisha ukiiongeza kidogo tu zaidi huanza kutetemeka na haitulii tena?

Tuanze na jerikani chini ya bomba. Ukifungua bomba nusu, kiwango cha maji hakisimami nusu ya jerikani. Kinaendelea kupanda maadamu bomba liko wazi, na kitatulia pale tu utakapolifunga. Silinda ni hivyohivyo. Uwazi wa vali huamua kasi ya pistoni, wala hauamui mahali ilipo, kwa kuwa mahali ni jumla ya mafuta yote yaliyokwisha kuingia. Kwa sababu hiyo silinda ni kilimbikizi, na ikiongozwa kwa amri inayopanda na kushuka kama wimbi, mwendo wake huchelewa nyuma ya amri kwa robo ya mzunguko, hata wimbi liwe la polepole kiasi gani.

Kama mambo yangeishia hapo, tungeweza kuongeza geini tupendavyo, kwa maana kuchelewa robo ya mzunguko peke yake hakumwangushi mtu. Lakini mafuta hubanika. Pistoni imesimama kati ya safu mbili za mafuta zinazofanya kazi kama springi mbili, na mzigo uliofungwa kwenye fito ni uzito juu ya springi hizo. Kwa silinda yenye fito pande zote mbili, pistoni ikiwa katikati, kasi ya mtetemo wake wa asili ni `ω = sqrt(4·β·A²/(V·m))`, ambapo `β` ni ukinzani wa mafuta dhidi ya kubanwa, `A` ni eneo la pistoni linalosukumwa, `V` ni ujazo wa mafuta yote kati ya vali na pistoni kwa pande zote mbili, na `m` ni uzito wa mzigo. Angalieni hiyo `V` vizuri, maana ndiyo itakayotusumbua baadaye.

Ufifishaji wa mtetemo huu ni mdogo sana. Msuguano wa sili husaidia kidogo, na mafuta yanayopenya kwenye vali husaidia kidogo, lakini kipimo cha ufifishaji, tukiite `δ`, mara nyingi huwa karibu 0.1 au chini ya hapo. Tena huwa kidogo kuliko wakati wowote pale vali inapokaribia kufunga, yaani mashine inaposimama. Ndiyo maana mashine nyingi hutembea bila shida, zikaanza kunguruma baada ya kufika.

Sasa tuunganishe mambo haya mawili. Kwenye kasi ya mtetemo wa asili, springi ya mafuta huongeza robo nyingine ya kuchelewa, nazo robo mbili ni nusu mzunguko kamili. Sahihisho lililokusudiwa kuurudisha mzigo nyuma hufika wakati mzigo umekwisha kugeuka, kwa hiyo linausukuma kule unakoelekea. Linalobaki ni kuuliza kama msukumo huo unatosha kuuendeleza mtetemo. Kwenye kasi hiyo ulimbikizaji hugawa wimbi kwa `ω`, nayo springi hulizidisha kwa `1/(2δ)`. Kwa hiyo mtetemo hujilisha wenyewe mara geini ya mzingo mzima, `K`, inapofika `2·δ·ω`. Huo ndio mpaka. `K` ina maana rahisi: ikiwa ni 14, kosa la milimita 1 huipa pistoni kasi ya milimita 14 kwa sekunde.

Nitawapa kisa nilichokishughulikia mwenyewe katika karakana moja mjini Jinja. Silinda ilikuwa na pistoni ya milimita 63, fito za milimita 45 na safari ya milimita 400, ikisogeza toroli la kilo 800. Eneo lake ni milimita za mraba 1,527. Vali ilifungwa juu ya silinda yenyewe, kwa hiyo `V` ilikuwa takriban lita 0.61, nasi tulichukua `β` kuwa paskali bilioni 1, kwa sababu mafuta ya kazini hubeba hewa kidogo. Hesabu inatoa `ω` ya radiani 138 kwa sekunde, ambayo ni hezi 22. Kwa `δ` ya 0.1, mpaka ni 27.6. Tuliweka nusu yake, yaani 14, na mashine ilifanya kazi miezi mingi bila neno.

Kisha vali ikahamishwa ili iwe rahisi kuifikia, ikaunganishwa na silinda kwa paipu mbili za mpira za milimita 19, kila moja mita moja na nusu. Nilipoitwa, toroli lilikuwa likitetemeka likiwa limesimama, na chai iliyokuwa kwenye kikombe pembeni ilikuwa imejaa vijiduara. Vali ilikwisha kulaumiwa na kubadilishwa kwa gharama kubwa, lakini mtetemo ulibaki uleule. Nilirekodi shinikizo kwa sekunde 5 nikahesabu vilele 55, yaani hezi 11.

Paipu hizo ziliongeza mafuta takriban lita 0.85, hivyo `V` ikawa lita 1.46. Mpira nao hutanuka, na tukikadiria kuwa ulishusha `β` hadi paskali milioni 600, `ω` inashuka hadi 69, ambayo ni hezi 11 zilezile nilizozihesabu. Mpaka mpya ni 13.8. Geini ya 14, ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa imevuka mpaka kwa sababu mpaka wenyewe ndio uliosogea. Kulingana huku kwa hezi ndiyo dalili ya kutafuta kwanza. Vali mbovu au msuguano wa sili mara nyingi hutoa mtetemo wa polepole zaidi, usiolingana na hesabu hii.

Mwenye mashine alikuwa amejaribu kupunguza geini hadi 7, na mtetemo ulikwisha. Lakini toroli likienda kwa milimita 200 kwa sekunde hubaki nyuma ya amri kwa `v/K`, ambayo hapo ni karibu milimita 29, na kazi yake haikuvumilia hivyo. Tulirudisha vali juu ya silinda, geini ikabaki 14, na kosa likawa milimita 14.

Kupunguza kosa hilo zaidi kulihitaji kuongeza ufifishaji. Ungeweza kutoboa njia nyembamba kati ya vyumba viwili vya silinda, lakini njia hiyo huvujisha mafuta daima na mzigo uliosimama husogea ukisukumwa. Tulipendelea kupima tofauti ya shinikizo la vyumba hivyo, kuchuja sehemu isiyobadilika ili mzigo wa kudumu usihesabiwe, na kukipunguza kilichobaki kutoka kwenye amri ya vali. `δ` ilifika karibu 0.3, mpaka ukapanda hadi 83, na kwa geini ya 40 kosa likashuka hadi milimita 5. Njia hii inahitaji vali iliyo na wepesi mara kadhaa kuliko zile hezi 22. Vali nzito huchelewesha sahihisho lenyewe, na hapo ufifishaji uliodhani umeuongeza hugeuka kuwa chanzo kipya cha mtetemo.