Kupima Uoto na Anuwai ya Mimea Katika Uwanja wa Skuli kwa Kwadrati

Assalamu alaykum, ndugu watazamaji. Tupo katika uwanja wa skuli moja hapa Wete, Pemba, na leo tutapima mambo mawili: ni sehemu gani ya ardhi iliyofunikwa na mimea, na mimea hiyo ni anuwai kwa kiasi gani.

Tazameni kwanza uwanja wenyewe. Katikati, panapochezwa mpira, pametawaliwa na ukoka, kwa sababu shina lake hutambaa chini na hustahimili kukanyagwa, ilhali kando ya uzio mna ndago, kongwe na kifauongo. Kwa kuwa sehemu hizi hazifanani, tutazipima kila moja peke yake. Tukizichanganya, wastani utakaotoka hautaeleza hali ya katikati wala ya kando.

Kwadrati yetu ni fremu ya mraba yenye nusu mita ndani kila upande, iliyotengenezwa kwa mabomba ya plastiki. Tumefunga nyuzi za nailoni kila baada ya sentimita 5, zikakata vijiraba 100, na kwa hiyo kila kijiraba ni asilimia 1 ya kwadrati.

Sasa tunachagua pa kuiweka. Wapo wanaoirusha fremu kwa nyuma wakidhani wamekwepa upendeleo, lakini mrushaji anajua anakoelekea, na mkono wake hauendi mbali wala hauendi kwenye miiba. Sisi tumelaza tepu mbili za kupimia zinazokutana kwenye pembe, moja ya mita 20 na nyingine ya mita 15. Tunachota karatasi yenye namba kutoka bakuli la kwanza, 0 hadi 19, na nyingine kutoka bakuli la pili, 0 hadi 14, kisha tunazirudisha. Zikitoka 7 na 12, tunatembea mita 7 kufuata tepu ndefu, na mita 12 kufuata fupi, na hapo ndipo tunapoweka pembe ya fremu, hata kama ardhi ni tupu. Ardhi tupu nayo ni jibu.

Kabla hamjainama, angalieni kama kuna kifauongo ndani ya fremu. Majani yake hujikunja yakiguswa, na mmea uliojikunja huonekana umefunika eneo dogo kuliko ukweli. Iwekeni fremu taratibu, na ikiwa majani yamekwisha kujifunga, subirini mpaka yafunguke ndipo mhesabu.

Hatuhesabu mche mmoja mmoja, kwa sababu ukoka huungana kwa shina zinazotambaa na haiwezekani kusema mmoja unaishia wapi. Tunatazama wima kutoka juu, na kila kijiraba tunakipa mmea uliofunika sehemu kubwa zaidi, au tunaandika kuwa ni kitupu ikiwa mimea haikufika nusu yake. Kanuni hii huwanyima haki mimea midogo, kwa hiyo mmea ulioonekana lakini haukupata kijiraba tunauandikia alama ya kujumlisha, ili usipotee katika orodha.

Tunaanza na kwadrati 10 kwa kila sehemu, na baada ya kila moja tunakokotoa upya wastani wa uoto. Ukiwa bado unapanda na kushuka sana ifikapo ya 10, tunaongeza nyingine mpaka utulie.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kando ya uzio wastani umetoka hivi: ukoka 40, ndago 20, kifauongo 16, kongwe 4, na ardhi tupu 20. Uoto ni asilimia 80. Kwa anuwai tunatumia fahirisi ya Simpson, iliyotolewa na Edward Simpson mwaka 1949:

```
D = 1 - Σp²
```

Herufi p ni sehemu ya kila mmea katika uoto, si katika kwadrati nzima, kwa hiyo tunagawa kwa 80, na ardhi tupu haiingii. Tunapata 0.5, 0.25, 0.2 na 0.05. Vipeo vyake vya pili ni 0.25, 0.0625, 0.04 na 0.0025, jumla 0.355, na D ni 0.645. Maana yake, tukichagua ovyo nukta mbili ndani ya uoto, uwezekano wa kukuta mimea tofauti ni karibu asilimia 65.

Katikati ya uwanja, tuseme ukoka ni 68, na ile mitatu ni 4 kila mmoja. Uoto ni 80 vilevile, na aina ni nne vilevile, lakini D inashuka hadi 0.27, kwa kuwa ukoka peke yake umechukua asilimia 85 ya kijani chote. Tofauti hiyo isingeonekana katika uoto wala katika idadi ya aina.

Andikeni tarehe juu ya kila karatasi, kwa sababu vipimo vya masika hulinganishwa na vya masika mengine, si na vya kiangazi, ambapo mimea mingi huwa imekauka.