Kreatinini imepimwa kwa kemia ipi?

Habari za mchana, ndugu zangu wa maabara, pamoja nanyi madaktari na wauguzi mliojiunga nasi. Leo tutakaa na jibu moja tu, la kreatinini, taka ya misuli inayoondolewa na figo, na swali ambalo karatasi ya majibu mara nyingi hailijibu: namba hii imetokana na kemia gani?

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Ni msichana wa miaka 24 mwenye kisukari. Amefikishwa wodini akihema kwa nguvu, sukari iko juu sana, na damu yake imejaa ketoni. Kreatinini inatoka mikromoli 168 kwa lita. Kompyuta inaiingiza kwenye kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2021 na kuchapisha eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, ya 37. Kanuni hiyo haikukusudiwa mgonjwa ambaye hali yake inabadilika kila saa, lakini namba ikishachapishwa husomwa, na tayari mtu anaanza kupunguza dozi za dawa. Wakati huohuo urea yake ni milimoli 6.5 kwa lita, yaani kawaida kabisa. Hapo inabidi tusite. Mtu aliyeishiwa maji mwilini kiasi cha kuumiza figo, tunategemea urea yake ipande pia, tena mara nyingi kwa kasi kuliko kreatinini. Huyu kreatinini imepanda peke yake. Sampuli ileile ikipimwa kwa vimeng'enya inatoa 88, na eGFR inakuwa 81.

Namba ya kwanza ilitoka kwenye njia ya Jaffe. Max Jaffe alieleza mwaka 1886 kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki kwenye mazingira ya alkali hutoa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Mpaka leo maabara nyingi zinapima rangi hiyo, kwa sababu kemikali zake ni za bei nafuu. Tatizo ni kwamba pikrati haichagui kreatinini peke yake. Asetoasetati, ambayo ni mojawapo ya ketoni za mgonjwa wetu, nayo hutoa rangi inayofanana. Glukosi, vitamini C, baadhi ya dawa za jamii ya sefalosporini na hata protini za kawaida za damu huchangia pia. Bilirubini hufanya kinyume: ndani ya alkali huoksidishwa, rangi yake hupungua wakati mashine inasubiri rangi iongezeke, na kreatinini ya mgonjwa mwenye manjano inatoka chini kuliko ilivyo.

Watengenezaji wa vitendanishi hawakulala. Waligundua kwamba asetoasetati hukimbilia pikrati katika sekunde za mwanzo kabisa, na protini huchelewa, kwa hiyo mashine husoma kasi ya rangi katikati, takriban kati ya sekunde ya 20 na ya 80. Hilo hupunguza kosa lakini haliliondoi, na ketoni zikiwa nyingi mno hubaki za kutosha kupotosha. Kwa upande wa protini, mashine nyingi hutoa kiasi kisichobadilika kwenye kila jibu, karibu mikromoli 18 hadi 26 kwa lita, kufidia rangi ya bandia. Kwa mtu mzima mwenye protini za kawaida hesabu hiyo inakubalika. Kwa mtoto mchanga, ambaye protini zake ni chache na kreatinini yake halisi ni ndogo, unakuwa umetoa kitu ambacho hakikuwepo. Mimi naona kwa watoto wachanga hakuna sababu ya kutosha ya kuendelea na Jaffe pale ambapo njia nyingine inapatikana.

Njia hiyo nyingine ni ya vimeng'enya, na kwa kawaida huenda kwa hatua nne. Kreatininasi hugeuza kreatinini kuwa kreatini. Kreatinasi huivunja kreatini kuwa sakosini na urea. Oksidasi ya sakosini hutoa haidrojeni peroksaidi, kisha peroksidasi huitumia peroksaidi hiyo kuzalisha rangi. Uteuzi uko kwenye hatua za mwanzo, ndiyo maana asetoasetati haina pa kushika.

Udhaifu uko kwenye hatua ya mwisho. Kitu chochote kinachokula peroksaidi au kuzuia rangi isitengenezwe kitashusha jibu. Dopamini na dobutamini hufanya hivyo, na metamizoli vilevile. Mara nyingi dopamini iliyomo kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe haitoshi kuleta shida kubwa. Balaa huja pale damu inapochotwa kwenye mrija uleule unaopitisha dawa. Ukiona kreatinini ya mgonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu imeporomoka ghafla bila sababu, piga simu uulize damu imetolewa wapi. Omba sampuli mpya kutoka mkono wa pili, na kama unayo Jaffe, pima ile ya kwanza kwa njia hiyo pia. Njia mbili zikitofautiana sana kwenye sampuli moja, kosa liko kwenye kemia, haliko kwenye figo.

Sasa niwaombe tutenganishe makosa mawili. Hadi hapa tumezungumzia kreatinini iliyopimwa vibaya. Kuna kreatinini iliyopimwa sawasawa kabisa ambayo bado inadanganya, kwa kuwa hutokana na misuli. Fikirini mwanamume wa miaka 68 aliyelala kitandani kwa muda mrefu, misuli imekwisha. Vimeng'enya vinatoa 62, na eGFR inakuwa 100. Hakuna mwingiliano wowote wa kikemia hapo. Misuli yake inazalisha kidogo, kwa hiyo hata figo dhaifu zinamudu kuiondoa. Ukimpangia amikasini, antibiotiki inayoondolewa na figo na inayoweza kuzidhuru, kwa namba hiyo, unaweza kumuumiza.

Kwa mtu huyu tunahitaji molekuli nyingine. Sistatini C ni protini ndogo ya takriban kilodaltoni 13, inayozalishwa na seli zote zenye kiini. Figo huichuja kwa uhuru, kisha mirija ya figo huinyonya na kuivunja, na ndiyo maana hatuipimi kwenye mkojo. Hupimwa kwa kingamwili zinazofanya seramu iwe na ukungu, na tangu 2010 kuna kirejeleo cha kimataifa cha kusawazishia mashine, ERM-DA471/IFCC. Ketoni na pikrati hazihusiki kabisa. Yake ikitoka miligramu 1.6 kwa lita, kanuni ya sistatini ya 2012 inatoa eGFR ya 40 hivi. Ukiziunganisha kreatinini na sistatini katika kanuni ya pamoja ya 2021 unapata karibu 63.

Tuchague ipi? Mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unapendekeza kanuni ya pamoja pale ambapo kreatinini peke yake haiaminiki, lakini kwanza uliza kama sistatini yenyewe inaaminika kwa mgonjwa huyu. Prednisoloni na deksamethasoni huipandisha bila figo kuharibika. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huipandisha, ikizembea huishusha. Unene, uvutaji sigara na uvimbe wa ndani pia huisukuma juu. Mgonjwa wetu kama hatumii steroidi na tezi yake iko sawa, ningeliamini zaidi lile 40 kuliko 100, maana tunajua kwa macho kwa nini kreatinini yake iko chini. Kama yuko kwenye deksamethasoni, namba zote mbili zina kasoro zinazovutana pande tofauti. Hapo, dawa ikiwa ni ya hatari, pimeni uchujaji wenyewe kwa kumchoma ioheksoli na kufuatilia kasi inavyotoweka kwenye damu, au pimeni kiwango cha amikasini kabla ya kila dozi inayofuata.