Mawese ya Kyela: ya chunguni na ya karaini

Mugonile, akina mama, na ninyi vijana wa chipsi mliokaa huko nyuma. Hapa mezani kuna chupa mbili. Hii moja ni mawese mekundu ya Kyela, kama yanavyouzwa pale Mwanjelwa. Hii nyingine ni mafuta ya kula ya dukani, manjano hafifu, hayana harufu. Mtu anaweza kudhani ni mafuta ya mimea miwili tofauti, lakini yote yametoka kwenye mchikichi. Swali la leo ni dogo: yapi yaende chunguni, yapi yaende karaini?

Tuanze na wekundu. Rangi hii ni karotini, jamaa ya rangi ya karoti, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese mazuri huwa na miligramu 500 hadi 700 za karotini, na zaidi kidogo ya nusu yake ni beta-karotini, ile yenye faida kubwa kuliko nyingine. Kiwandani mafuta hupitishwa kwenye udongo maalumu unaonyonya rangi, halafu hupigwa mvuke kwenye nyuzijoto 240 hadi 260 ili harufu na asidi zitoke. Karotini haivumilii moto huo. Ndiyo maana chupa ya pili imepauka. Viwanda vikubwa vya hapa nchini vinatakiwa kuongeza vitamini A kwenye mafuta ya kula, kwa hiyo chupa hii haiko tupu kabisa, ila vitamini hiyo nayo hupungua kila karai linapowashwa upya.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hulikosea. Kusafisha kunaondoa rangi, hakuondoi mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Mawese mekundu yana karibu nusu nzima ya mafuta ya namna hiyo. Yale ya dukani, ambayo sehemu yake nzito imechujwa ili yasigande upesi, bado yana kama asilimia 45. Alizeti ya kawaida, kama inayokamuliwa kule Iringa, ina kama asilimia 11. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mekundu ni ya asili na hayana shida na moyo, anawauzia rangi.

Mafuta hayo yaliyoshiba ndiyo yanayowasumbua asubuhi za Juni na Julai. Mawese yanaganda, chini panakuwa na tabaka zito la rangi ya malai na juu panabaki mafuta mekundu. Mteja analalamika kwamba yamechanganywa na kitu. Mara nyingi hayajachanganywa. Ni baridi ya Mbeya tu. Karotini hupenda kubaki kwenye yale mepesi ya juu, kwa hiyo anayemimina ya juu tu anapata wekundu mwingi, na anayenunua mwisho wa dumu anapata mafuta mazito. Dumu liwekeni kwenye maji ya moto mpaka yote yayeyuke, mlitikise, ndipo mpime.

Tuje chunguni. Hapa Mbeya, kwa mwinuko wetu wa kama mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Ukitia mawese kwenye maharage yanayotokota, mafuta yale hayawezi kupata joto kubwa kupita hilo maadamu mchuzi upo. Maji yanayalinda. Karotini nyingi inabaki, na mafuta yale yale yanausaidia utumbo kuinyonya.

Chukueni sufuria ya maharage ya watu sita, na vijiko viwili vya chakula vya mawese, karibu gramu 27. Kila sahani inapata gramu 4 na nusu. Hata tukikadiria karotini kwa kiwango cha chini, miligramu 500 kwa kilo, na tukihesabu kwa ubahili kwamba mwili unahitaji mikrogramu 6 za beta-karotini kupata 1 ya vitamini A, sahani hiyo inatoa kama mikrogramu 190. Mtoto wa miaka miwili anahitaji 300 kwa siku. Mafuta yaliyoshiba kwenye sahani hiyo ni gramu 2 na kidogo tu. Ila msikaangie vitunguu kwa mawese mpaka moshi utoke halafu mkadai mmehifadhi vitamini. Yatieni maharage yakiwa yameiva, yachemke dakika tano, basi.

Karai ni habari nyingine. Chipsi zinahitaji nyuzijoto 170 hadi 175, na pale hakuna mchuzi wa kuyalinda mafuta. Mawese ya kienyeji yana asidi huru. Chikichi likishachubuka, kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja mafuta, na mikungu ikivundikwa siku kadhaa ili chikichi zipukutike kirahisi, asidi zinazidi. Kuchemsha chikichi mapema, ndani ya siku moja baada ya kukata, ndiko kunakokizima kimeng'enya hicho. Mawese yaliyokamuliwa vizuri yana asidi ya asilimia 3 hadi 5. Yaliyochelewa hupita 10 na hukwaruza koo. Yaliyosafishwa huwa na chini ya 0.1. Kadiri asidi zinavyozidi, moshi unatoka mapema, kwa mawese mengi kabla hata ya joto la chipsi. Wapo wanaoyaunguza kwanza mpaka yapauke ili yasitoe harufu. Hapo umefanya kazi ya kiwanda bila mtambo wa kiwanda: karotini imekwenda, asidi zimebaki, na mafuta yameshaanza kuharibika kabla ya kiazi cha kwanza.

Kwa karai la biashara, basi, tumieni yaliyosafishwa. Yanavumilia moto wa siku nzima kuliko alizeti ya kawaida, ambayo mafuta yake laini huungana na hewa upesi na kuwa ya kunata. Nyumbani, unapokaanga mara moja kwa mafuta machache, alizeti inatosha na ina heri kwa moyo.

Yakiwa yameganda karaini, anzeni na moto mdogo, kwa sababu yaliyogusa chini huungua kabla ya juu kuyeyuka. Kausheni viazi kwa kitambaa, maana maji huzalisha asidi zile zile. Chumvi itiwe kwenye sahani. Jioni chujeni makombo, mfunike.

Yamwageni yakitoa moshi kwenye joto lile lile la kila siku, au yakitoa povu laini linalopanda na lisilotulia hata viazi vikitolewa. Najua bei ya dumu, lakini kuongezea mapya juu ya yaliyochoka hakuyaponyi. Ya zamani yanayaharibu mapya. Na hili ni tatizo jingine la mekundu karaini: weusi wake hauonekani upesi.

Sahani ya chipsi ya gramu 250 hubeba mafuta kama gramu 30. Kwa mafuta ya dukani hiyo ni kama gramu 13 na nusu za mafuta yaliyoshiba, wakati mtu mzima anayekula kalori 2,000 anashauriwa asizidi 22 kwa siku nzima. Mafuta yakiwa ya baridi kiazi kinakaa sana karaini na kinatoka kimeloa. Kitupe kipande kimoja kwanza: kikizama na kukaa kimya, subirini, kikipanda haraka na mapovu ya kuchangamka, tieni vingine, kidogo kidogo.

Mawese yenu wekeni kwenye dumu lisilopitisha mwanga, lililojaa. Zile chupa angavu zilizopangwa juani kando ya barabara huzidi kupauka kila siku, na mnunuzi analipia wekundu uliokwisha. Haya, maswali. Mama wa maandazi, naona mkono wako tangu mwanzo.