Moshi wa jikoni na mtoto wa jicho: njia yake inapita mapafuni

Haya jamani tuanze, waliosimama huko nyuma sogeeni, viti vipo. Kuna swali huwa naulizwa kila nikiongea habari za macho, mtu ananiambia, hivi daktari, moshi ukiniingia machoni nikalia machozi pale jikoni, ndio hivyo mtoto wa jicho anavyoanza? Mi najibu hivi, hapo kuna mambo mawili yamechanganywa, na huko kuchanganya kunawaponza watu kweli, manake mtu anahangaika na kile kinachowasha halafu kile kisichowasha kinaendelea kimya kimya miaka ishirini.

Tuanze na kinachowasha. Kuni zikiungua vibaya, hasa kuni mbichi, zinatoa gesi kali kama akrolini na fomaldehaidi. Sasa ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, konea, ina neva nyingi mno, ni moja ya sehemu zenye hisia kali kuliko zote mwilini, kwa hiyo zile gesi zikiigusa tu jicho linafunga na kumwaga machozi. Hiyo ni kinga, haina ubaya. Shida inakuja pale moshi unapokuwa wa kila siku. Machozi sio maji matupu, kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, kuna maji yenyewe, na juu kuna utando mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye vitezi vilivyopo ukingoni mwa kope, kazi ya yale mafuta ni kuzuia maji yasikauke haraka. Kope zikivimba kwa moshi na vumbi, mafuta hayatoki vizuri, machozi yanakauka kabla hujapepesa tena, jicho linahisi mchanga, neva zinapiga kelele, basi linamwaga machozi mengine mengi ya maji maji ambayo nayo hayakai. Ndio maana unaweza kuambiwa una ukavu wa macho huku mashavu yamelowa, watu huwa wanadhani nawatania.

Vumbi nalo liko upande huu huu. Chembe za vumbi nyingi ni kubwa kidogo, zinakwaruza, na anayekwaruza zaidi ni wewe mwenyewe ukifikicha. Osha kwa maji safi, acha kufikicha, yatosha, nisikae hapo sana.

Sasa kile kisichowasha. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Haina mshipa wa damu hata mmoja, haina neva, ndio maana ikiharibika haiumi. Imejaa protini zilizopangwa kwa utaratibu wa ajabu mpaka mwanga unapita bila kuzuiwa, na protini zile za katikati kabisa umezaliwa nazo, hazibadilishwi, unazeeka nazo. Zikishambuliwa na kemikali zinazooksidisha, zinajikunja na kugandana, sawasawa na ute wa yai ukiona moto, ulikuwa angavu unakuwa mweupe na haurudi tena. Huo weupe ndio mtoto wa jicho. Lenzi ina kinga yake, kuna kitu kinaitwa glutathioni kinazima hizo kemikali, lakini kinapungua na umri.

Basi moshi unafikaje kule ndani? Mlango wake mkuu sio jicho, ni pua. Unavuta hewa, chembe ndogo kabisa na kemikali zake zinafika chini mapafuni, nyingine zinapenya zinaingia kwenye damu, na yale majimaji yanayoilisha lenzi yanatengenezwa kutoka kwenye hiyo hiyo damu. Kati ya kemikali za moshi wa kuni kuna naftalini, ambayo kwenye maabara inajulikana siku nyingi kwamba wanyama wakilishwa wanapata mtoto wa jicho, wamelishwa kwa mdomo, hakuna aliyewatia machoni. Halafu angalieni wavuta sigara, moshi wanauvuta kifuani, lakini mtoto wa jicho wa katikati ya lenzi anawapata zaidi kuliko wasiovuta, hilo limethibitishwa tena na tena. Kwa hiyo yule anayepika amefumba macho, au amegeuza uso pembeni, au amevaa miwani, anajipunguzia muwasho tu. Lenzi yake haijui kama alifumba.

Ushahidi wa jikoni wenyewe uko wapi? Kuna utafiti uliotoka mwaka 2005 uliofanyika kwa wanawake wa Nepal na India, wenye umri wa miaka 35 mpaka 75, wakalinganisha wenye mtoto wa jicho na wasio naye. Waliokuwa wanapikia kuni na nishati nyingine ngumu kwenye jiko lisilo na dohani, uwezekano wao ulikuwa karibu mara mbili ya waliotumia nishati safi. Kwenye jiko lenye dohani ongezeko lilishuka sana, likawa dogo kiasi kwamba kitakwimu huwezi kulitegemea. Na jiko likiwa kwenye chumba kisichopitisha hewa, hilo peke yake lilikuwa hatari ya karibu mara mbili pia. Mi huo utafiti naupenda kwa sababu hauishii kusema moshi mbaya, unaonyesha kwamba kinachobadilisha mambo ni moshi umetoka au umebaki.

Lakini tusidanganyane, utafiti wa namna hii hauwezi kutenganisha kila kitu. Anayepikia kuni mara nyingi ndiye pia anayeshinda juani, anayekula duni, na jua, kisukari na umri vyote vinaleta mtoto wa jicho. Watafiti wanajitahidi kuviondoa kwa hesabu, haviishi. Kwa moshi wa mjini, wa magari na viwanda, tafiti kubwa, kama mmoja uliofanyika Uingereza, zinaonyesha ongezeko la asilimia chache tu, na mi naona inaeleweka, kwa sababu dozi haifanani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema zile chembe ndogo, za mikroni 2.5 kushuka, zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Jikoni moto ukiwaka ndani unapima mamia, na wakati wa kuwasha inafika maelfu. Barabara nyingi hazifiki huko.

Sasa niwape mfano wa mgonjwa, nimeutengeneza lakini ni wa aina ninayoiona mara kwa mara. Mama wa miaka 52, anapika ndani saa tatu kwa siku tangu msichana, jikoni kuna mlango mmoja na kidirisha kidogo ambacho kiko nyuma ya mgongo wake, maana yake hewa ikiingia inamsukumia moshi usoni. Anasema macho yanamwaka jioni na anaona ukungu. Swali la kwanza namuuliza, ukipepesa ukungu unaondoka? Anasema wa jioni unaondoka, akitoka nje nusu saa yuko sawa. Huo ni wa machozi. Lakini kuna ukungu mwingine, haujali apepese au asipepese, taa za magari usiku zinatawanyika kama zina miale, rangi nyeupe anaiona ya njano njano, na ajabu yake mwaka jana alianza kusoma maandishi madogo bila miwani akafurahi akadhani macho yamepona. Hayajapona. Lenzi ikianza kuganda katikati inabadilisha nguvu yake, vitu vya karibu anaviona vizuri kwa muda, vya mbali vinazidi kupotea. Namwambia afunike jicho moja, halafu lingine, ndipo anagundua la kulia ni baya kuliko la kushoto, na hakuwahi kujua kwa sababu siku zote anatumia yote mawili.

Kisha nauliza kile ninachokiogopa zaidi. Umekuwa unaweka dawa gani? Anatoa kichupa kwenye mkoba, dropsi alizonunua bila kuandikiwa, zinaondoa wekundu vizuri sana, ameziweka miezi mingi. Nasoma maandishi, deksamethasoni. Jamani, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe. Inatuliza jicho kweli, ndio maana watu wanaipenda, lakini ukiitumia muda mrefu yenyewe inaleta mtoto wa jicho upande wa nyuma ya lenzi, ule unaokufanya usione juani na usisome, na inaweza kupandisha presha ya jicho ikaua neva ya kuonea, na hiyo ikifa hairudi. Yaani mtu anakimbia moshi wa jikoni anajipeleka mwenyewe kule kule, tena haraka zaidi. Mkirudi nyumbani someni vichupa vyenu, mkikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni na hamkuandikiwa na daktari wa macho, nendeni mkapimwe presha ya jicho. Usisubiri liume, halitauma. Na kama ulishaandikiwa usikate ghafla kivyako, rudi kwa aliyekuandikia. Kwa muwasho wa moshi tu, kitambaa chenye maji baridi na machozi bandia vinatosha.

Kwa yule mama jikoni kwake tungefanya nini? Kupika nje ndio dawa rahisi kuliko zote siku isiyo na mvua. Ndani, unataka tundu juu na tundu chini, pande zinazotazamana, moshi ni wa moto unapanda, kama juu hamna pa kutokea unashuka ukijaa mpaka usawa wa uso wa aliyekaa. Kuni zikauke kweli, ukizigonganisha zilie kavu. Dohani itoke juu ya paa, isiishie chini ya paa kama nilivyoona kwingi, na ifagiliwe masizi, ikiziba utaona moshi unarudi kwenye mdomo wa jiko ukichochea. Njia ya kujipima bila mashine, tundika kitambaa cheupe usawa wa kichwa cha mpishi wiki moja, halafu rekebisha, tundika kingine wiki nyingine, linganisha weusi. Sio kipimo cha kitaalamu, chembe ndogo zaidi hazionekani, ila kikiwa cheusi bado una kazi. Na mkaa msiuamini kwa sababu hautoi moshi mwingi, chumba kikifungwa hewa ya monoksidi ya kaboni inaua mtu amelala.

Kuna dada pale ameuliza, je nikiacha moshi leo mtoto wa jicho anarudi nyuma? Harudi. Protini ikishaganda imeganda, na hakuna dropsi inayoiyeyusha, hata muuzaji aape vipi. Unachopata ni kupunguza mwendo, tumeona kwa walioacha sigara kwamba hatari inashuka kidogo kidogo na miaka, ingawa haifiki ya asiyewahi kuvuta. Akishakuzuia kufanya kazi zako ni upasuaji, lenzi iliyoganda inatolewa inawekwa ya plastiki, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila hapo nasisitiza kwa ndugu wanaomleta mgonjwa, lile jicho lina kidonda kibichi, basi wiki nne za mwanzo mama asirudishwe kwenye moshi na vumbi, apike mwingine, na waume mlioko humu nawatazama nyinyi.