Ngeli Zisubiri: Kumfundisha Kiswahili Mwanafunzi Aliye Mbali

Walimu wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema tena mpaka tuelewane: jedwali la ngeli lisiingie katika somo la kwanza. Wala la pili. Kila nikialikwa kutazama somo la mwalimu anayeanza kufundisha mtandaoni, nakuta ukurasa wa kwanza umeandikwa A-WA, KI-VI, LI-YA, kama tulivyoandikiwa ubaoni shuleni. Jamani, sisi tulifundishwa ngeli tukiwa tayari tunaongea Kiswahili. Huyu mwanafunzi aliyeko Hamburg, Ujerumani, hana hata sentensi moja!

Tuseme ni muuguzi, anakuja kujitolea Moshi baada ya miezi minne, na mnakutana dakika 50 kila Jumanne. Mpe kitenzi kimoja, kutaka, na vitu vitatu: maji, chai, dawa. Sema "ninataka maji", naye arudie. Inua kikombe mbele ya kamera: "Unataka chai?" Ajibu. Mwonyeshe picha ya mgonjwa: "Anataka dawa." Ameshashika ni-, u- na a-, na hujamweleza kanuni yoyote. Nusu ya kipindi ikipita, mletee kupenda, lakini kwa "ninapenda" tu, kisha umwonyeshe tena picha ya mgonjwa na kikombe cha chai, unyamaze. Akisema mwenyewe "anapenda chai", sentensi ambayo hajaisikia kwako, somo limeingia. Akikutazama tu akisubiri umtajie, bado anakariri, na hapo usiongeze neno jipya hata moja.

Somo la pili ni ukanushi, na hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu. "Ninataka" inakuwa "sitaki": -na- inatoka, na a ya mwisho inageuka i. Mwanafunzi atakwambia "sininataka", kwa kuwa anabandika si- juu ya sentensi nzima. Usimhutubie. Mpe jozi, moja baada ya nyingine: ninataka, sitaki, ninasoma, sisomi, unapenda, hupendi. Na chagueni vitenzi kwa uangalifu. Kurudi na kufikiri visije siku hiyo, maana mwisho wake haubadiliki: sirudi, sifikiri. Kula nacho kisubiri, kwa sababu "ninakula" inageuka "sili", na mtu atadhani umemletea neno jingine kabisa.

Najua kuna mwalimu hapo nyuma anataka kuniuliza: asipojua ngeli si atasema "kitabu yangu"? Atasema, ndiyo, na muuza vitabu atamwelewa na kumpa kitabu chake. Lakini asiyeweza kusema "sitaki" atarudi nyumbani na vitabu vitano. Akishaweza kuuliza na kujibu katika mambo ya siku moja, ndipo umfungulie ngeli, ukianza na KI-VI, kwa sababu hiyo inasikika: kitabu changu kizuri, vitabu vyangu vizuri. Sikio linaikamata kabla ya jedwali. Za N ziache mpaka baadaye, maana "nyumba yangu" haimpi sikio kitu cha kushika.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, na bei sijaigusa. Basi kwa haraka. Msipange bei kwa kutazama ya jirani. Jukwaa kama Preply linachukua malipo yote ya somo la majaribio, kisha asilimia 33 kwa mwalimu mpya, na kiwango hicho kinashuka kadiri saa zako zinavyoongezeka. Ukiweka dola 10, mkononi unabaki na 6.70. Mwanafunzi akisoma mara 10, ya kwanza hukupata kitu, kwa hiyo una dola 60.30. Ongeza nusu saa ya maandalizi kwa kila somo: kwa vipindi vya dakika 50 umefanya kazi kama saa 13 na dakika 20, yaani kama dola 4.50 kwa saa, kabla ya bando na ada ya kutoa pesa. Anayeona zinamtosha aendelee. Asiyetosheka apandishe kwa wanafunzi wapya, wale wa zamani awape taarifa mapema.

Wanafunzi wenyewe tafuteni palipo na sababu ya kusoma: wanaojiandaa kuja kujitolea, walioolewa au kuoa kwetu, na wazazi wa kwetu walioko nje ambao watoto wao hawawezi kuongea na bibi kwenye simu. Mtoto mpe dakika 30, si 50.

Na ratiba. Saa zetu hazibadiliki, za Ujerumani zinabadilika. Kipindi cha saa mbili usiku kwetu, kwake wakati wa kiangazi ni saa moja jioni. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba kinakuwa saa kumi na mbili jioni, na muuguzi bado yuko zamu. Mwandikieni wiki moja kabla, na saa mziandike kwa tarakimu, 20:00 ya Moshi, 18:00 ya Hamburg.