Desibeli 10 zimepotelea wapi? Amplifaya mbili zikiungana

Haya, karibuni tena. Leo nina amplifaya mbili kwenye brebodi. Kila moja niliipima ikiwa peke yake, haijabebeshwa mzigo. Ya kwanza inakuza volteji mara 50, ya pili mara 20. Kwa hiyo mara 1,000, desibeli 60, twende nyumbani? Ngoja kwanza.

Tazama hapa... samahani, kivuli cha mkono. Sasa. Ukinzani wa kutokea wa ya kwanza ni omu 5,000. Ukinzani wa kuingilia wa ya pili ni omu 5,000 vilevile. Zikiungana zinakuwa kigawa volteji, na nusu ya ishara inabaki ndani ya hatua ya kwanza. Nusu ni kutoa desibeli 6.

Mwanzoni nako, chanzo changu cha ishara kina omu 2,500 na kinaingia kwenye omu 10,000. Kinachofika ni 0.8. Mwishoni, omu 2,000 za kutokea zinalisha mzigo wa omu 8,000: tena 0.8.

```
1000 × 0.8 × 0.5 × 0.8 = 320
20 log(320) = 50.1 dB
```

Ni 20, siyo 10, kwa sababu tunalinganisha volteji. Ukipenda kujumlisha kama mimi, anza na 60, toa 1.94, toa 6.02, toa 1.94. Jibu ni lilelile.

Sasa hapa tulia, hapa ndipo nilipoharibu. Siku moja nilipima hatua ya kwanza huku ya pili ikiwa imeunganishwa, nikapata mara 25. Halafu nikazidisha tena kwa 0.5! Hesabu ikatoa desibeli 44, nikabadilisha transista nzima ambayo haikuwa na kosa lolote. Ile 25 imeshabeba hasara ya kuunganishwa. Narudia: ukipima zikiwa zimeungana, kigawa volteji cha katikati usikihesabu tena. Karatasi ikipishana na kipimo kwa desibeli 6 kamili katika saketi kama hii, anza kushuku hapo.

Tupime. Chanzo nimekiweka milivolti 1 kabla ya kukiunganisha, kwa hiyo kwenye mzigo nategemea 320. Inasoma... sifuri. Aa, klipu imechomoka. Haya, 316. Sina ugomvi nayo, vikinza vyangu ni vya asilimia 5.

Ukizitaka zile 6, wengi hukimbilia kuongeza hatua ya tatu ya kukuza. Mimi napenda kuweka katikati transista inayotolea kwenye emita. Haikuzi volteji, lakini hii yangu inaingilia omu 95,000 na kutokea omu 100. Hasara ya katikati inashuka hadi kama desibeli 0.6, na jumla inapanda karibu na 55. Ngoja niichomeke muone.