Tukio ni Moja, Mimi ni Wawili: Kusimulia na Kutafakari Katika Insha Binafsi

(Mhadhara kwa washiriki wa warsha ya uandishi, Mwanga, Kigoma)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kufika mapema.

Nimezisoma insha zenu zote, na nianze kwa kusema kwamba mnajua kusimulia. Aliyeandika juu ya treni iliyokwama usiku kati ya Kaliua na Uvinza alinikalisha ndani ya behewa, nikasikia watoto wanalia na mama anagawa mihogo gizani. Shida inakuja mwishoni. Insha imekwenda vizuri kurasa tatu, halafu inafunga hivi: “Tangu siku ile nilijifunza kwamba katika maisha tunapaswa kuwa na subira.” Karibu kila insha ina sentensi ya namna hiyo. Mnaiweka kwa sababu mnajua msomaji anataka zaidi ya tukio. Hapo mko sawa kabisa. Ila sentensi ile si tafakuri. Ni funzo la hadithi ya darasani, na leo nataka tuone tofauti yake kwa kukaa na insha moja tu.

Mwenye insha ni dada mmoja aliyeko hapa, ameniruhusu niitumie bila kumtaja. Sikilizeni alivyoandika mara ya kwanza:

“Nilikuwa darasa la sita. Mchana wingu likaja kutoka upande wa ziwa. Mama akaniita, tukakimbia ufukweni na mabeseni. Tukaanza kuzoa dagaa wa jirani yetu, ambaye alikuwa amekwenda kliniki. Tulipomaliza wa jirani, mvua ikawa imeshatufikia. Dagaa wetu wakalowa wote. Mama akawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Sikununuliwa viatu vya shule. Siku ile nilijifunza kwamba upendo kwa jirani ni bora kuliko mali.”

Angalieni vitenzi. Likaja, tukakimbia, tukaanza, wakalowa, akawauza. Huo mnyororo wa -ka- ndio unaobeba masimulizi ya Kiswahili, na ni mali kubwa: tukio linasukuma tukio, msomaji hasimami. Lakini kwenye mnyororo huo kuna mtu mmoja tu, yule mtoto wa darasa la sita. Anaona wingu, anazoa dagaa, anakosa viatu. Yule mwanamke mtu mzima aliyekaa na kalamu hayumo. Insha binafsi inahitaji wote wawili, mimi wa siku ile na mimi wa leo. Kusimulia ni kazi ya kumrudisha wa kwanza. Kutafakari ni kumruhusu wa pili aseme kile ambacho wa kwanza asingeweza kukijua.

Sasa mtaniambia, mbona mtu wa leo yumo, si ndiye aliyesema upendo ni bora kuliko mali? Hapana. Ichukueni sentensi ile mkaipachike mwishoni mwa insha ya msiba, au ya mgeni aliyelazwa bure, au ya mkulima wa Kasulu aliyegawa mbegu. Inakaa kote bila kubadilishwa neno. Sentensi inayokaa popote haikuzaliwa na dagaa hawa. Na kuna kipimo cha pili ambacho mimi nakiamini zaidi: ukiifuta, je, tukio linasomeka tofauti? Hapa halisomeki tofauti. Mvua ni ileile, mama ni yuleyule. Tafakuri ya kweli hurudi nyuma ikabadilisha unavyoyaona yaliyokwisha kusimuliwa.

Nilikaa na dada huyu tukazungumza. Sikumuuliza “hiyo siku inakufundisha nini?” Swali hilo huzaa methali. Nilimuuliza maswali ya tukio lenyewe. Dagaa wenu walikuwa wameanikwa wapi? Akasema, juu ya chanja. Na wa jirani? Akanyamaza kidogo, akasema, mchangani.

Ninyi wa Kibirizi na Katonga mmeshaelewa, lakini wapo hapa waliotoka Tabora, niwaeleze. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, asubuhi wanashushwa mwaloni, wanaanikwa. Anayeweza hujenga chanja, yaani miti na wavu juu yake, dagaa wanakaa hewani. Asiyeweza huwatandaza kwenye mchanga au kokoto. Mvua ikiwakuta wa chanjani maji yanapita chini. Jua likirudi wanaweza kukauka tena, ingawa hupoteza ule mng’ao na bei hushuka. Wa mchangani hulowa pamoja na mchanga, mchanga unang’ang’ania, wanakatika ukiwazoa. Hao ndio mnunuzi hawagusi.

Kwa hiyo lile tendo la mama kuanza na dagaa wa jirani, ambalo insha ililiita upendo, lina maelezo mengine kabisa. Huenda mama alifanya hesabu ya mtu wa kazi, kwamba kitakachoharibika kwanza ndicho kiokolewe kwanza.

Nikauliza swali la pili: siku ile wewe ulihisi nini? Akajibu haraka, “Hasira.” Hasira imekuwa naye miaka yote. Na katika insha haimo hata mara moja! Mtoto aliyekasirika amefutwa, mahali pake amewekwa mtoto mwema aliyejifunza upendo papo hapo, huku amelowa na hana viatu. Ndiyo maana nasema funzo la haraka si udhaifu wa mtindo peke yake. Linaharibu hata ukweli wa simulizi, maana mwandishi hulazimika kuficha lolote lisilokubaliana nalo.

Alikwenda akaandika upya. Hii ni sehemu yake:

“Nilimkasirikia mama miaka mingi kwa ajili ya dagaa wale. Niliona amemchagua jirani, mimi ameniacha bila viatu. Leo mimi mwenyewe naanika dagaa, na ni katika kuandika haya nimekumbuka kwamba wetu walikuwa juu ya chanja, wa jirani walikuwa mchangani. Sijui kama mama alimhurumia jirani au alikuwa anafanya kazi yake tu. Siku zote nimeamini kwamba alinipima mimi na jirani. Huenda mimi sikuwemo kabisa katika hesabu ile, na hilo linaniuma kuliko viatu.”

Nilipofika kwenye “huenda mimi sikuwemo kabisa” niliiweka karatasi chini. Hiyo haiwezi kupachikwa kwenye insha ya mtu mwingine. Tena tazameni vitenzi vilivyobadilika: nimekumbuka, sijui, nimeamini, linaniuma. -ka- imepumzika, wakati uliopo umeingia, na pamoja nao “huenda”. Ukitaka kujikagua nyumbani, pitia rasimu yako ukipigia mstari vitenzi vya mtu wa leo. Ukikuta havipo mpaka aya ya mwisho, ujue hujatafakari, umesimulia kisha ukafunga. Ukikuta vimejaa kurasa mbili bila mtu kunyanyua hata beseni moja, ugonjwa ni ule mwingine: unawaza juu ya jambo ambalo msomaji hajaliona. Huo wa pili ni nadra kwenu, sitaukalia.

Kuna jambo lililomshangaza dada huyu, nami nataka mlishike. Baada ya tafakuri kupatikana, ilibidi simulizi yenyewe ibadilishwe. Katika rasimu ya kwanza chanja haikutajwa, maana haikuwa na kazi. Sasa ina kazi kubwa, na ikitokea ghafla mwishoni msomaji atahisi amechezewa. Basi aliirudisha mwanzo kabisa, kwa sentensi moja isiyo na maelezo: “Sisi tulikuwa na chanja ambayo baba aliijenga kabla hajasafiri, jirani alianika mchangani.” Msomaji anapita. Baadaye, mtu wa leo anapoikumbuka chanja, msomaji naye anaikumbuka, na anafikia ile shaka pamoja na mwandishi. Kwa hiyo kusimulia na kutafakari si hatua mbili zinazofuatana, hii ikiisha ndipo ile ianze. Tafakuri inakurudisha kwenye tukio kuuliza nani alisimama wapi, na jibu la tukio linaweza kuivunja tafakuri yako ya kwanza.

Tuliwaza pia tafakuri hiyo aiweke wapi. Alikuwa ameiweka mwisho. Nilimshauri aijaribu katikati, pale mama anapoinama kwenye dagaa wa jirani na mvua bado haijafika. Hapo tukio linaning’inia, msomaji ana swali lilelile la mtoto: kwa nini anaanza na wa wenzake? Ukitafakari kwenye swali lililo hai, msomaji anakusubiri. Ukitafakari baada ya kila kitu kwisha, mara nyingi ameshaondoka kichwani hata kama macho bado yako kwenye ukurasa. Lakini sehemu ya viatu tuliacha ibaki simulizi tupu, bila neno la mtu wa leo. Viatu vinajieleza.

Kuna maswali? Ndiyo, mama yangu pale nyuma.

Ameuliza: je, kama anayeandikwa ameshafariki, na huwezi kumuuliza alikuwa anawaza nini?

Nashukuru, maana hapo ndipo wengi wanaandika yasiyo yao. Hata mama wa insha hii hatukumuuliza, hayupo. Ndiyo maana mnaona “sijui” na “huenda”. Angeandika “mama alijua kwamba dagaa wa mchangani wataharibika, akaamua kuwaokoa,” angekuwa ameingia kichwani mwa mtu na kutoka na jambo ambalo hakulikuta humo. Anachokijua ni kwamba chanja ilikuwepo, mchanga ulikuwepo, na mikono ya mama ilianza wapi. Anachokidhani ni sababu. Andika unachokijua kwa uhakika wote, hata mpangilio wa mabeseni. Kisha unachokidhani kiandike kama dhana, ili mpaka kati ya hivyo viwili uonekane. Na usiharakishe kuchagua dhana inayompendeza marehemu. Dada huyu angeweza kubaki na ile ya upendo, jamaa zake wangefurahi. Aliandika zote mbili, ya huruma na ya hesabu, akaiacha insha bila kuamua, kwa sababu mpaka leo hajaamua.

Ameuliza tena: na msomaji hataona kwamba insha haijakamilika?

Ataona kwamba swali halijakamilika, mama. Insha imekamilika pale mwandishi alipofika mwisho wa anachoweza kukisema kwa ukweli. Sasa chukueni rasimu zenu, mtafute ile sentensi ya “nilijifunza kwamba”, muikate, kisha pembeni muandike swali moja la tukio ambalo sentensi ile ilikuwa inawazuia kuliuliza. Nitapita meza kwa meza.